Kupogoa vikumbusho vilivyoota msitu kwenye simu: mwongozo kamili

Mwezi wa tatu mama alikosa siku yake ya kliniki ya presha. Kikumbusho kilikuwepo. Kililia asubuhi ya siku yenyewe, saa moja na nusu, na wifi yangu anayekaa naye kule Tumbe, Pemba, alikizima kwa mkono wake mwenyewe. Hakumbuki kukizima. Nilipompigia kutoka Wete jioni ile, alikuwa na hakika simu haikulia kabisa.

Ililia. Tatizo ni kwamba tangu alfajiri mpaka saa mbili ilikuwa imelia mara tisa, na cha kliniki kilikuwa cha saba. Kidole kilikwisha kuzoea: sauti ikitoka, futa. Macho hayakusoma tena.

Wengi wetu tuko hapo hapo. Unaweka kikumbusho kimoja cha kibati, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, kimoja cha dawa ya mtoto, kimoja cha kutia umeme, na hakuna siku unayokaa ukaondoa hata kimoja. Miezi minane baadaye kuna msitu. Ijumaa moja nilikwenda Tumbe na daftari, tukaanza kazi ambayo ilituchukua kama mwezi na nusu kuimaliza. Hapa naieleza kama tulivyoifanya, pamoja na tulipokosea.

Hatua ya kwanza: viandike vyote, usifute hata kimoja

Hamu ya kwanza ni kufuta. Izuie. Ukifuta papo hapo unafuta kile kinachokuudhi, na kinachoudhi si lazima kiwe kibovu. Pengine ndicho pekee kinachofanya kazi yake.

Chukua daftari la kawaida, piga mistari upate safu nne: kinasema nini, kinalia lini, kimekaa wapi, na nilikiweka kwa sababu gani. Safu ya nne ndiyo inayotoa siri. Ukikuta kikumbusho huwezi kuijaza safu hiyo, acha wazi, usibuni.

Halafu pita mahali pote vinapojificha. Anza na saa ya simu, kwenye alamu, na uandike hata zilizozimwa, maana alamu iliyozimwa inaweza kuwashwa kwa kugusa tu. Ingia kalenda. Ingia Google Tasks, ambako tangu 2023 Google walihamishia vikumbusho vilivyokuwa ndani ya kalenda, kwa hiyo watu wengi wana vya zamani humo bila kujua. Kama una Samsung, ina programu yake ya vikumbusho, iko mbali na hizo. Kisha WhatsApp: ujumbe uliojitumia mwenyewe, na uliowekewa nyota. Mwisho angalia mlango wa friji, ukuta wa jikoni na kava la simu. Karatasi nayo ni kikumbusho.

Kalenda ina ugumu wake. Ukiiangalia kwa mwezi mmoja, vya kila mwaka havionekani. Ukipata kompyuta, fungua Google Calendar kwenye kivinjari, kwenye mipangilio kuna `Import & export`, bonyeza `Export`, utapata faili la zip; lifungue, ndani yake kila kalenda ina faili lake linaloishia na `.ics`, lipe jina `kalenda.ics`. Kwenye programu ya simu njia hii haipo. Faili hilo ni maandishi matupu, na kila tukio linalojirudia lina mstari unaoanza na neno `RRULE`. Mwenye Linux au Mac anaweza kuvitoa vyote kwa amri moja:

```
grep -E "^(RRULE|SUMMARY)" kalenda.ics
```

`SUMMARY` ni jina la tukio, `RRULE` ni kanuni ya kujirudia kwake. Kanuni isiyo na neno `UNTIL` wala `COUNT` haina mwisho. Italia mpaka mtu aizuie. Katika kalenda ya wifi, matukio 14 yaliyokuwa yanajirudia, hakuna hata moja lililokuwa na mwisho. Faili hilo lihifadhi pia kama akiba ukija kujuta, lakini jua kwamba vilivyo kwenye Tasks havimo ndani yake.

Jumla yetu ilikuwa hivi: alamu 19, ambazo 11 zilikuwa zimewashwa; kalenda 14; Tasks 8; WhatsApp 6. Arobaini na saba. Wifi alikuwa amekisia "kama kumi na tano hivi."

Hatua ya pili: sikiliza kwa siku 15

Orodha inakwambia vipo vingapi. Haikwambii vinafanya nini. Kwa hiyo kwa siku 15 acha kila kitu kilie kama kawaida, na kila kinapolia weka alama moja kwenye karatasi iliyo karibu na simu. Alama ni tatu tu. Tiki ikiwa kikumbusho ndicho kilichokufanya uinuke. Duara ikiwa jambo lenyewe ulikwisha kulifanya, au ulikuwa umeshaanza. Mkwaju ikiwa ulikizima na hukufanya kitu.

Tofauti ya tiki na duara ni muhimu, na watu huichanganya. Alamu inasema "chakula cha kuku" saa kumi na mbili, kuku wamekwishakula tangu saa kumi na moja na nusu kwa sababu wamekuja wenyewe mlangoni kupiga kelele. Ukiulizwa utasema alamu ile inafanya kazi, kwani kuku wanakula kila siku. Wanakula, ila alamu haina mkono wake hapo. Hilo ni duara.

Kwa nini siku 15 na si wiki? Mtu wa pwani hana maisha ya wiki peke yake. Wifi ni mkulima wa mwani. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, yuko majini asubuhi nzima, siku za maji mafu, yasipotoka sana, yuko nyumbani na maandazi yake. Ukipima wiki moja utapima mtu nusu. Siku 15 zinachukua bamvua moja na maji mafu yake. Vikumbusho vya mwezi na vya mwaka havitapata nafasi ya kulia katika muda huo, na hivyo utavihukumu kwa safu ya nne ya daftari.

Usiku kabla ya kulala jaza zilizokupita. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina mahali panapoitwa `Notification history` kwenye mipangilio ya arifa. Ukipawasha, panaonyesha arifa za saa 24 zilizopita pamoja na ulizofuta. Kwa simu ya wifi hapo ndipo tulipoona kidole kinavyofanya kazi: arifa tano za kalenda zilifutwa ndani ya dakika moja.

Kuna kitu kingine cha kuangalia humo, nacho ni ukimya. Linganisha vilivyolia na vilivyotakiwa kulia. Viwili vyetu havikulia hata mara moja. Vilikuwa kwenye kalenda, na simu ilikuwa imeizuia kalenda kufanya kazi chinichini ili kuokoa betri. Simu nyingi za bei nafuu zina tabia hiyo. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya programu husika, sehemu ya betri, chagua `Unrestricted` au neno linalofanana nalo. Rekebisha hili kabla hujaendelea, la sivyo utakuja kukilaumu kikumbusho kwa kosa la simu.

Kwa siku 15 simu ya wifi ililia mara 203. Tiki zilikuwa 27, duara 64, mikwaju 112. Alizitazama namba zile akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Wifi, mimi nimekuwa kama jirani wa msikiti, siku hizi sisikii adhana." Mfano wake si wa haki kwa majirani wa msikiti, lakini nilimwelewa.

Hatua ya tatu: viweke kwenye mafungu

Sasa kaa na daftari na karatasi ya alama, pita kimoja kimoja. Tulipata mafungu sita. Matano ya mwanzo ni aina za ugonjwa, la sita ni la wazima.

Fungu rahisi ni la wafu: jambo lenyewe limekwisha. Kibati kilichogawiwa mpaka mtu wa mwisho. Dawa ya mtoto ya siku saba iliyokuwa bado inalia miezi mitano baadaye. Alamu nne za daku, zilizozimwa tangu Idi. Wifi alitaka kuziweka hizo za daku kwa ajili ya mwakani. Nilimwambia kuweka alamu ni kazi ya dakika moja, kuilinda mwaka mzima isiwashwe kwa bahati mbaya ni kazi zaidi. Wafu walikuwa 13.

Mapacha walikuwa 9. Jambo moja, vikumbusho viwili au vitatu. Mara nyingi pacha huzaliwa siku unayokosa jambo: umekosa, umeudhika, unaongeza kingine juu ya kile kile kilichoshindwa. Mapacha wengine ni wa simu yenyewe. Google Calendar huweka arifa yake ya kawaida kwenye kila tukio jipya, na ukiongeza yako bila kuondoa ile, kitalia mara mbili. Au simu ina akaunti mbili, ya zamani na mpya, na zote mbili zina tukio hilo. Angalia anwani ya akaunti chini ya tukio kabla ya kufuta, usije ukafuta pacha mzima ukaacha aliyefungwa na akaunti ambayo nywila yake huikumbuki.

Mazoea walikuwa 6, wale wa duara tupu kama kuku. Wasio na kitendo pia 6: "Shamba." "Mambo ya skuli." "Hamadi." Hicho cha mwisho wifi mwenyewe hakujua Hamadi yupi. Kikumbusho kama hicho hupata mkwaju kila siku, kwa kuwa hakuna unachoweza kukifanya dakika ile kikakwisha.

Fungu la tano lilikuwa na vikumbusho 5 tu, na ndilo lililotuchukua muda mrefu. Hivi niliviita vinavyohama. Jambo ni zima, mtu analihitaji, ila kikumbusho kimefungwa kwenye mwendo ambao si wake, kwa hiyo kila mwezi kinasogea mbali nalo. Mwenyewe huona kinalia ovyo, akakizoea, akawa anakizima. Ukikifuta umekosea, kwa sababu kinachohitajika ni kukirekebisha. Nitavieleza kwa kirefu.

Bamvua na kosa la siku 14

Wifi alikuwa na kikumbusho cha "Bamvua, toa kamba na tai tai", kila baada ya wiki mbili. Tai tai ni vikamba vidogo vya kufungia mbegu za mwani. Kwenye faili la kalenda kinaandikwa hivi:

```
RRULE:FREQ=WEEKLY;INTERVAL=2
```

Inaonekana sawa, kwani kila mtu husema bamvua ni kila wiki mbili. Lakini bamvua inafuata mwezi, na kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mwandamo ni kama siku 14 na robo tatu. Kikumbusho kinawahi kwa robo tatu ya siku kila kinapojirudia. Mara ya kwanza huoni. Mara ya nne kimewahi siku tatu.

Tuchukue mwaka 2026. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 3 Januari. Ukianzia hapo kwa siku 14, kikumbusho kinalia 17 Januari, na mwezi mwandamo ni 18: siku moja, si neno. Kinalia 14 Februari, mwandamo ni 17. Kinalia 14 Machi, mwandamo ni 19. Kinalia 11 Aprili, mwandamo ni 17. Kinafika mrudio wa kumi tarehe 23 Mei, wakati mwezi mpevu ni 31 Mei. Siku nane. Tarehe 23 Mei mwezi ni nusu, maji ni mafu kabisa, na simu inamwambia mtu atoe kamba.

Baada ya miezi mitano kikumbusho kilikuwa kimekwenda kinyume na bahari. Wifi hakuhitaji simu kumwambia kwamba maji ni mafu, alikuwa anaona kwa macho. Alichokuwa anakihitaji ni siku mbili za kujitayarisha kabla ya bamvua: kufunga mbegu, kuhesabu vigingi vya kamba, kumwambia binti yake wa pili asipange safari. Hicho ndicho alichokosa.

Kalenda za kawaida za simu hazina kanuni ya "kila bamvua". Usijaribu kuilazimisha kwa siku 15, utahama upande wa pili. Tulifanya hivi: tulikaa na tarehe za mwezi mwandamo na mwezi mpevu za miezi sita, zikawa 12, tukaandika matukio 12 ya mara moja moja, kila moja siku mbili kabla. Ilichukua kama robo saa. Maji hufika upeo wake siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu, kwa hiyo nafasi ya kujitayarisha inakuwa ya kutosha. Google Calendar pia inaweza kuonyesha tarehe za Hijria pembeni, kwenye mipangilio tafuta `Alternate calendars`. Inasaidia kuona mwandamo na kumi na tano kwa jicho moja, ingawa inaweza kupishana siku moja na mwandamo unaotangazwa kwetu.

Saa ya kulia nayo tuliibadilisha. Maji ya bamvua hutoka sana karibu saa nne asubuhi huku kwetu, lakini kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Alamu ya saa tatu kila siku ya bamvua itakuwa sahihi siku ya kwanza, na siku ya nne imewahi zaidi ya saa mbili. Tukaondoa alamu hiyo. Bahari anaiona dirishani.

Wengine wanaohama

Kikumbusho cha funga ya siku nyeupe, tarehe 13 hadi 15 za mwezi wa Hijria, wifi alikuwa amekiweka tarehe 13 ya mwezi wa kizungu, kila mwezi. Siku aliyokiweka, tarehe hizo mbili zilikuwa zimekutana. Mwezi wa Hijria una siku 29 au 30, na mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mkutano haukudumu. Tuliviandika pamoja na vya bamvua, kwani siku nyeupe zinaangukia mwezi mpevu na tarehe zilikuwa mkononi tayari. Funga ya Jumatatu na Alhamisi haina tatizo hili, wiki ni wiki.

Kodi ya banda la maandazi ilikuwa tarehe 31 ya kila mwezi. Kanuni yake:

```
RRULE:FREQ=MONTHLY;BYMONTHDAY=31
```

Mwezi usio na tarehe 31, kalenda inauruka, haisogezi kwenye 30. Kwa mwaka kinalia mara saba. Wifi alikuwa anasema mwenye banda "mara anadai, mara hadai", kumbe yeye ndiye aliyekuwa anakumbushwa mara na mara. Weka tarehe 28, ambayo kila mwezi inayo.

Kisha kulikuwa na alamu ya usiku wa manane.

"Wifi, hii ya saa tisa usiku ya nini?"

"Ipi? Hiyo ni ya saa tatu. Kugeuza mwani."

Ilikuwa imeandikwa 03:00. Alitaka saa tatu asubuhi, aliandika tatu, na kwa miezi minne ilikuwa inamwamsha saa tisa za usiku, anaizima kwa macho yaliyofumba, asubuhi hakumbuki. Pita vyote vinavyolia kati ya 00:00 na 05:00 na uulize kila kimoja kama ni saa ya Kiswahili iliyoandikwa kama ilivyotamkwa. Angalia pia upande wa pili, kati ya 13:00 na 17:00, maana aliyetaka saa mbili usiku akaandika 2 akachagua alasiri atapata saa nane mchana, wakati wa kupumzika.

Hatua ya nne: pogoa, lakini kwa likizo

Wafu na mapacha futa moja kwa moja. Kwa matukio ya kalenda yanayojirudia, Google Calendar itakuuliza unafuta lipi. Chagua `This and following events`. Ukichagua `All events` unafuta na kumbukumbu za nyuma, na siku moja utataka kujua mbolea ilitiwa lini au kibati kilianza mwezi gani.

Mazoea usiyafute, yape likizo. Zima alamu, andika tarehe kwenye daftari, acha mwezi mmoja. Jambo likiendelea kufanyika, futa. Likianza kulegea, rudisha. Kati ya 6 zetu, zote zilikwenda, ila kabla ya mwezi kwisha wifi alitaka kurudisha mbili kwa sababu aliona nyumba imekuwa kimya mno. Hiyo si sababu.

Dawa zisiingie kwenye likizo hii. Dawa ya presha ya mama ilipata duara karibu kila siku, kwa kuwa yeye huinywa baada ya chai bila kuambiwa. Ukifuata alama peke yake ungeizima. Lakini kipimo cha "zima tuone" maana yake ni kumwacha mtu akose dawa ndiyo ujue. Tuliiacha. Vivyo hivyo kitu chochote ambacho kukikosa mara moja hakurekebishiki kwa kuomba radhi.

Wasio na kitendo walikuwa 6, na kila kimoja kiliulizwa swali moja: ni kitu gani cha kwanza cha kufanya, na unaweza kukifanyia wapi? Viwili vilipata jibu. Vinne vilihamia kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya kichwa "bado sijui", na simu haivijui tena.

Hatua ya tano: andika upya vilivyobaki

Tulibaki na 14: wazima 8, wanaohama 4 baada ya kimoja kati ya viwili vya bamvua kumezwa na mwenzake, na 2 vilivyopata kitendo. Sasa kila kimoja kinaandikwa kwa kitenzi, na kinapewa sauti inayokifaa.

"Shamba" kilikuwa "Mpigie mwenye trekta, uliza siku", na kinalia Jumapili jioni baada ya magharibi, wifi akiwa amekaa. Zamani kililia saa nne asubuhi, akiwa na maji magotini na simu iko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya ndoo. Kikumbusho kinacholia mahali usipoweza kufanya jambo hilo kitapata mkwaju hata kikiwa na maneno mazuri.

Cha umeme hakikuhitaji tarehe kabisa. Kilikuwa kinasema "Tia Tukuza" kila tarehe 1 na 15, na mara nyingine yuniti zilikuwa bado tele, mara nyingine nyumba iko gizani tangu juzi. Kikawa "Soma mita, chini ya yuniti 10 nunua", kila Ijumaa kabla ya kwenda sokoni. Kumi ni ya nyumba yao. Yako itategemea kama una friji.

Kliniki ya mama ilikuwa kikumbusho kimoja cha asubuhi ya siku yenyewe. Hapo ndipo tulipokosea zamani, hata bila ule msitu: saa moja na nusu ya siku ya kwenda huwezi tena kutafuta nauli, kadi wala mtu wa kumsindikiza. Sasa viko viwili, na hivi si mapacha kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza ni jioni ya siku mbili kabla: "Tafuta kadi ya mama, weka nauli ndani yake." Cha pili ni alfajiri ya siku yenyewe: "Mama atoke saa moja." Kwa hiyo jumla ikawa 15.

Kuhusu sauti, gawanya hivi. Alamu ya saa ya simu iwe kwa kitu chenye dakika yake, kama dawa ya presha au kutoka nyumbani, kwa sababu kwa kawaida alamu hulia hata simu ikiwa kwenye hali ya kutosumbuliwa. Arifa ya kalenda iwe kwa kitu chenye siku yake bila dakika. Kisicho na siku wala dakika kiende kwenye karatasi. Tulibakiwa na alamu tatu tu, na tukazipa mlio tofauti na ule wa zamani, maana kidole kilikuwa bado kinaujua ule wa zamani.

Hatua ya sita: uzio

Kila kikumbusho kipya kinachojirudia kiwe na tarehe ya kufa siku kinapozaliwa. Kwenye kalenda, ukichagua kujirudia kwa mpangilio wako mwenyewe, sehemu ya `Ends` inakubali tarehe au idadi ya mara. Dawa ya siku saba mara mbili kwa siku: weka matukio mawili ya kila siku, kila moja mara 7. Kibati cha watu 12: weka mara 12. Kitu usichojua kitakwisha lini, weka miezi mitatu. Kikifa na ukakikosa, utakirudisha.

Alamu za saa hazina tarehe ya kufa kwenye simu nyingi, kwa hiyo usiweke humo kitu chenye mwisho.

Na ukikosa jambo, kabla hujaongeza kikumbusho kingine, fungua kile kilichoshindwa na uangalie kilishindwa wapi: hakikulia, kililia saa mbaya, au kililia ukiwa huwezi kufanya kitu. Rekebisha hicho hicho.

Tarehe 12 za bamvua zitakwisha baada ya miezi sita, na siku wifi anapokaa kuandika 12 nyingine ndiyo siku yetu ya kupita orodha yote tena. Juzi alinipigia kusema amepata kikumbusho kimoja kipya kwenye simu yake ambacho hakukiweka yeye. Kilikuwa kinasema "Nunua baiskeli", kila siku, bila mwisho. Tumemwita mwanawe wa mwisho tuzungumze.